Baada ya mtoko mzuri wa kwanza: nimwandikie mimi au nimsubiri?

*Shikamoo mshauri. Nina miaka 29. Jana Jumamosi jioni nilikutana ana kwa ana na kaka ambaye tumekuwa tukichati kwa wiki kadhaa. Tulipanga kukaa saa moja, tukakaa karibu nne. Alinisimulia alivyojifunza kuogelea ukubwani, tukacheka sana, na akaniambia Jumatano ana usaili wa kazi. Tulipoagana alisema "tutaongea". Leo jioni bado kimya, na mimi sijaandika. Rafiki yangu anasema nisubiri siku tatu, akinitaka atanitafuta. Nadhani nilishamwonyesha vya kutosha kwamba nimempenda. Tena huko nyuma niliwahi kumwandikia mtu mfululizo, akapotea. Meseji hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi: "Mambo, samahani kukusumbua, najua labda uko bize. Nilitaka tu kusema jana ilikuwa nzuri mno, sijawahi kufurahi hivyo na mtu. Natumaini na wewe ulifurahia? Kama hukufurahia niambie tu ukweli, sitachukia." Niitume, au nitaonekana najirahisisha?*

Marahaba, mdogo wangu. Mwandikie leo, kabla hujalala, ila usitume hiyo uliyoandika. Nitakueleza kwa nini leo, kisha tuifumue meseji yako na kuishona upya, kwa sababu wasiwasi wako uko ndani ya maneno yake na wala hauko kwenye swali la nani aanze.

Tuanze na ukimya wenyewe. Hivi sasa ninyi wawili mko kimya, na kila mmoja anausoma ukimya wa mwenzake. Mwaka 1996 watafiti wawili wa saikolojia, Jacquie Vorauer na Rebecca Ratner, waliangalia hali kama hii yenu: watu wawili wanapendana lakini hakuna anayechukua hatua ya kwanza. Walichogundua kinaeleza machozi mengi ninayoyaona katika kazi yangu. Mtu akiulizwa kwa nini yeye hajasogea, husema anaogopa kukataliwa. Akiulizwa kwa nini mwenzake hajasogea, husema huyo hana haja naye. Tendo ni lile lile, lakini likiwa langu nalisoma kama woga, na likiwa lako nalisoma kama dharau.

Sasa rudi kwenye barua yako uone umefanya hivyo mara ngapi. Wewe hujaandika kwa sababu unampenda na unaogopa kuharibu. Yeye hajaandika, na tayari nusu ya moyo wako imeshaamua kwamba hakuvutiwa. Inawezekana kweli hakuvutiwa, sikudanganyi. Lakini ukimya wa siku moja hauwezi kukuambia hilo, maana mtu aliyevutiwa na mwenye woga, na mtu ambaye hakuvutiwa kabisa, wote wawili wakiwa kimya wanafanana. Kusubiri zaidi hakutakupa habari mpya, bali kutaongeza muda wa kila mmoja wenu kuamini ile tafsiri mbaya. Na yeye pia, kama ni wa aina ya kuogopa, kesho jioni atakuwa anasema moyoni: "Angependa, angeshaandika."

Kuna sentensi moja katika barua yako ambayo nimeisoma mara mbili: "Nadhani nilishamwonyesha vya kutosha." Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mwaka 2003 Vorauer na wenzake walionyesha kwamba mtu anapojaribu kumwashiria mwingine kuwa amevutiwa naye, huamini ishara zake zimeonekana wazi kuliko zinavyoonekana kweli. Hasa mtu anayeogopa kukataliwa ndiye anayeamini hivyo. Sababu yake ni rahisi kuielewa ukiifikiria kidogo. Wewe unajua ulivyokuwa ukijisikia ndani, kwa hiyo ukicheka kidogo tu, wewe mwenyewe unakisikia kicheko kile kikiwa na uzito wote wa hisia zako. Yeye anasikia kicheko tu. Wewe unakumbuka kwamba uliacha kuangalia saa, na kwako hilo ni tamko zito. Yeye anakumbuka kwamba mazungumzo yalikolea na muda ukapita, jambo ambalo hutokea hata kwa marafiki. Hakuna popote katika maelezo yako uliposema kwamba ulimtamkia, kwa maneno, kuwa ungependa muonane tena. Yeye naye alisema "tutaongea", neno ambalo watu humwambia mpenzi, fundi na jirani. Kwa hiyo hapa mlipo, ninyi ni watu wawili mliofurahi, na hakuna kati yenu aliyemwambia mwenzake kinachoendelea.

Rafiki yako anakutakia mema, na hoja yake nataka niijibu kwa heshima, kwa kuwa haikutoka hewani. Upo utafiti wa mwaka 2011, wa Erin Whitchurch na wenzake, ambao watu wa "subiri kwanza" huupenda. Wanafunzi wa kike 47 walionyeshwa kurasa za Facebook za vijana wa kiume waliodaiwa kuwa wamewatazama wao kwanza. Baadhi waliambiwa vijana hao wamewapenda sana, wengine wakaambiwa wamewaona wa kawaida, na wengine wakaambiwa haijulikani kama wamependwa sana au kiasi tu. Waliovutiwa zaidi ni wale walioachwa gizani, na waliwafikiria vijana hao mara nyingi zaidi. Mtu akiishia hapo atasema: basi mwache kijana abaki gizani. Lakini angalia mazingira. Wale hawakuwa wamekutana, hawakuwa wamezungumza hata neno, na hakuna aliyetakiwa kuchukua hatua yoyote. Wewe na huyu kaka mmekaa saa nne mkitazamana. Tena kumfikiria mtu sana si sawa na kumwendea. Mtu anaweza kukuwaza wiki nzima, halafu kwa kutojua msimamo wako akakubali mwaliko wa mwingine ambaye msimamo wake unajulikana.

Wapo pia waliojaribu moja kwa moja kuthibitisha kwamba kujifanya mgumu kupatikana kunaongeza mvuto. Elaine Walster na wenzake walifanya majaribio kadhaa, wakashindwa kulithibitisha wazo hilo, mpaka mwaka 1973 walipotoa jibu tofauti kidogo na walilolitarajia. Wanaume walipewa taarifa za wanawake ambao wangeweza kutoka nao. Kulikuwa na mwanamke mgumu kwa kila mtu, kulikuwa na aliyekuwa tayari kwa kila mtu, na kulikuwa na mmoja ambaye wengine hakuwataka ila yule mwanamume aliyesoma taarifa hizo alimtaka. Huyo wa tatu ndiye aliyependwa kuliko wote. Tafsiri yake kwako ni hii: kinachompunguzia mtu mvuto ni kuonekana angemwandikia yeyote maneno yale yale. Kuonyesha kwamba umemtaka yeye, kwa sababu zinazomhusu yeye, hakukupunguzii kitu. Kujirahisisha, kwa maana ambayo watu wanaiogopa, ni kumtaka mtu bila kumwona. Ukiandika jambo ambalo lisingeweza kuandikwa kwa mwingine yeyote, umeshatoka kwenye hatari hiyo hata kama umeanza wewe.

Sasa tuichukue meseji yako, sehemu kwa sehemu.

"Samahani kukusumbua, najua labda uko bize." Umeanza kwa kujiweka chini kabla hujasema lolote. Yeye hakuwa amefikiria kwamba unamsumbua, ila sasa umempa wazo hilo. Umemkadiria pia ratiba yake, na hapo hapo ukamtengenezea udhuru wa kutokujibu. Sehemu hii inaondoka yote, na hakuna kitakachopotea.

"Nilitaka tu kusema." Hilo "tu" ni dogo lakini linafanya kazi mbaya. Linasema: usilichukulie hili kwa uzito. Kama hutaki alichukulie kwa uzito, mbona umeandika? Liondoe.

"Jana ilikuwa nzuri mno, sijawahi kufurahi hivyo na mtu." Nusu ya kwanza ni ya kweli na ni njema. Nusu ya pili inaweza kuwa ya kweli pia, lakini ni kubwa kuliko jioni moja. Unapomwambia mtu uliyekutana naye mara moja kwamba hujawahi kufurahi namna hiyo, unamkabidhi jukumu ambalo bado hana nguvu ya kulibeba. Hata akiwa amekupenda, ataanza kujiuliza utamtegemea kiasi gani. Mwambie furaha yako kwa ukubwa wa kilichotokea: jioni moja nzuri. Hayo mengine yahifadhi, kama ni ya kweli yatabaki ya kweli mwezi ujao.

"Natumaini na wewe ulifurahia? Kama hukufurahia niambie tu ukweli, sitachukia." Hapa ndipo penye kiini cha wasiwasi, na hapa ndipo mtu anayesoma atakuhisi. Umemtaka atoe hukumu, kwa maandishi, siku moja tu baada ya kukutana. Aliyefurahi atajibu "nilifurahi", lakini atakuwa amevutwa kusema badala ya kusema mwenyewe. Ambaye bado anatafakari, na wengi siku ya kwanza bado wanatafakari, utakuwa umemsukuma kuchagua kabla hajawa tayari. Na ile ahadi ya "sitachukia" inamwambia kwamba umeshajiandaa kwa kukataliwa, hivyo akikukataa hatakushangaza. Ni mlango umemfungulia ambao hakuwa ameuomba.

Ukiangalia vizuri utaona kwamba katika mistari yote hiyo hakuna mahali anapoonekana yeye. Hakuna kuogelea, hakuna usaili, hakuna kicheko mlichocheka. Ni meseji inayohusu hofu yako. Ndiyo maana nilisema hapo juu kwamba tatizo haliko katika kuanza. Hata ungengoja siku tatu kama alivyosema rafiki yako, kisha ukatuma maneno haya haya, ungeonekana na wasiwasi ule ule, pengine na zaidi.

Mimi ningekuandikia hivi, na wewe ubadilishe maneno yafanane na namna unavyoongea:

"Nilifurahia sana jana. Leo nimekumbuka hadithi ya siku yako ya kwanza ya kuogelea nikacheka peke yangu. Kila la heri na usaili Jumatano, na ningependa tuonane tena ukishaumaliza."

Inabeba mambo matatu tu. La kwanza ni kauli ya wazi kwamba ulifurahi, bila swali nyuma yake. La pili ni kumbukumbu moja mahususi, ambayo inamwonyesha kwamba ulikuwa unamsikiliza. Chagua kitu alichokisimulia kwa furaha, usichague kitu cha uchungu alichokugusia kwa sauti ya chini, hata kama ndicho kilichokugusa zaidi. Mambo ya uchungu yana wakati wake, na mara nyingi ni uso kwa uso. La tatu ni lile ambalo karibu kila mtu huliacha: "ningependa tuonane tena." Kumbuka habari ya ishara zinazoonekana hafifu kuliko tunavyodhani. Meseji ya "nilifurahia sana" peke yake inaweza kusomwa kama adabu, namna ya kuaga vizuri. Maneno manne ya mwisho yanaondoa utata huo wote, na hayamdai chochote, kwa kuwa ni kauli inayokuhusu wewe. Hujamuuliza anakuonaje. Umemwambia wewe ulivyo, na umemwachia nafasi.

Huenda utajiuliza kwa nini sijaweka siku na saa ya kukutana. Kwa wengine ningeiweka. Kwako nimeiacha kwa sababu ana usaili katikati ya wiki, na mtu mwenye usaili hapangi vizuri. Kwa kuutaja, umeonyesha kwamba unajua kilichopo kichwani mwake wiki hii, na umempa muda bila kujionyesha kwamba unampa muda. Siku mtaipanga kwenye jibu la pili.

Jihadhari na utani wa kuchokoza, ule wa kusema kinyume cha unachomaanisha, kama "jana ulinichosha kweli na hadithi zako". Mezani angekuona unatabasamu. Justin Kruger na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba waandishi wa barua pepe huamini msomaji atautambua utani au kejeli yao kwa wepesi kuliko anavyoitambua kweli, kwa sababu mwandishi anaisikia sauti yake mwenyewe kichwani anapoandika. Mwenzako hana sauti hiyo bado. Amekujua kwa jioni moja. Utani wa namna hiyo subirini mpaka mzoeane. Emoji moja ya tabasamu inatosha kama ndivyo unavyochati naye siku zote, na kama huwa hutumii, usianze leo.

Kuhusu saa ya kutuma, sina kanuni ya dakika wala sipendi kanuni hizo. Jioni ya siku ya pili, kama hii uliyonayo, ni wakati mzuri, maana kumbukumbu bado ina joto na nyote mmeshapumzika. Usitume usiku wa manane hata kama usingizi umekuruka. Meseji ya saa nane usiku inasema jambo kuhusu usiku wako, haijalishi imeandika nini. Na kama msomaji mwingine anayepitia haya tayari amefika siku ya nne au ya tano bila kuandika, aandike meseji ile ile, asieleze kwa nini amechelewa. Maelezo ya kuchelewa huwa marefu kuliko salamu yenyewe.

Kabla hujabonyeza, kuna kipimo kimoja ninachowapa watu wanaokuja kwangu na hofu kama yako. Isome meseji ukiwa umejiwekea akilini kwamba jibu litakuja kesho jioni. Kama bado unaona inafaa, itume. Kama wazo la kusubiri mpaka kesho jioni linakufanya utake kuongeza sentensi, basi hiyo sentensi unayotaka kuiongeza ndiyo ya kuachwa, kwa sababu imekuja kutuliza mwili wako na si kumwambia yeye kitu. Ukiona meseji nzima iko hivyo, weka simu, tembea, oga, ongea na dada au rafiki, kisha rudi baada ya saa moja. Hakuna ubaya kutafuta faraja. Ubaya ni kuitafuta kwa mtu uliyekutana naye jana, ambaye bado hajui kwamba unaihitaji.

Hapa naigusa ile habari yako ya zamani, ya mtu uliyemwandikia mfululizo akapotea. Umejifunza kutoka kwake kwamba kuandika kunafukuza watu. Mimi sidhani ndicho kilichotokea, ingawa sikuwepo. Neno ulilolitumia ni "mfululizo", yaani meseji ya pili ilikwenda kabla ya ya kwanza kujibiwa, na ya tatu ikafuata. Ninaowasikia wakilalamika kwamba mtu aliwang'ang'ania hawalalamikii meseji ya kwanza. Ya kwanza wengi wanakumbuka iliwafurahisha. Wanalalamikia ile ya "mbona kimya?", kisha "nimekukosea?", kisha "basi sawa". Kila moja inaongeza deni juu ya mtu ambaye pengine alikuwa kazini au amelala, na akija kuifungua simu anakuta amefanyiwa kesi na hukumu imeshatoka. Kwa hiyo mpaka wako uweke hapo: meseji moja, halafu hakuna nyingine mpaka ijibiwe. Hata ukigundua umekosea herufi, iache.

Najua kwamba hilo ni gumu kuliko kuandika. Kwa watu wenye kengele ya ndani inayolia mapema, saa chache za kusubiri zinaweza kuwa kama siku nzima: tumbo linakaza, unafungua WhatsApp kila baada ya dakika mbili, unaona ameonekana mtandaoni, unaona tiki zimegeuka bluu, unaanza kuhesabu. Nisikilize vizuri hapo. Tiki za bluu zinakuambia kwamba mazungumzo yamefunguliwa kwenye simu yake. Hazikuambii alikuwa wapi, na nani, wala alisikiaje. Wapo wanaofungua meseji waliyoifurahia, wakaamua wataijibu wakitulia kwa kuwa wanataka kuijibu vizuri. Nyamazisha arifa za mazungumzo hayo, na ukiweza zima kwa muda uonyeshaji wa tiki. Kisha panga jambo la kufanya dakika ile ile baada ya kutuma, lenye watu na linalotumia mikono yako. Mikono ikiwa na kazi haishiki simu.

Sasa tuseme jibu limekuja. Usipime urefu wake wala dakika alizotumia. Tazama kama kuna kitu amekurudishia. "Na mimi nilifurahi, asante kwa kukumbuka usaili, naogopa kweli" ni jibu fupi lakini limekufungulia mlango, amekuambia hofu yake. "Asante, na wewe pia uwe na wiki njema" ni jibu la adabu lililofungwa pande zote, hasa ukizingatia kwamba ulimwambia unapenda muonane na hilo hakuligusa. Hata hivyo usilihukumu hilo moja. Mpe mpaka usaili upite, kisha Alhamisi au Ijumaa muulize ulikwendaje na upendekeze jambo lenye siku: "Nina nafasi Jumamosi au Jumapili jioni. Ipi ingekufaa?" Hapo ndipo utajua. Anayekutaka akiwa na udhuru huleta siku nyingine yeye mwenyewe: "Wikiendi hii siwezi, ila Jumanne jioni?" Akisema tu kwamba yuko bize, bila siku mbadala, muache. Akija mwenyewe baadaye na siku, sawa. Asipokuja, amekujibu, na hakuna haja ya kumtaka atamke.

Na kama hakujibu kabisa? Usifanye lolote mpaka Alhamisi. Mtu anayejiandaa na usaili anaweza kupotea siku tatu bila nia mbaya. Alhamisi jioni, na hapo tu, unaruhusiwa kuvuka ule mpaka kwa meseji moja zaidi, na sababu yake ni ya kweli, haikutungwa: "Natumaini usaili ulikwenda vizuri jana." Usiweke neno lolote kuhusu ile ya kwanza, wala usirudie mwaliko, ameshausoma. Wiki ikiisha naye bado kimya, acha kabisa, na usitume ile ya kuaga. Najua meseji ya kuaga inavutia, mtu anaona atafunga jambo kwa heshima. Lakini ninavyoziona, nyingi ni meseji za kuomba jibu zilizovaa nguo za kuaga. Itaumiza, na una haki ya kuumia, hata kwa mtu wa jioni moja. Lakini hutabaki ukijiuliza kama alijua. Atakuwa alijua, kwa maneno yako mwenyewe.

Kuna hali moja ambayo ningekuambia usiandike kabisa: kama katika saa zile nne kulikuwa na kitu kilichokufanya usijihisi salama, na sasa unataka kuandika ili kukisawazisha. Sikuona dalili hiyo kwenye barua yako, ila usome tena jioni yako kwa makini kabla hujaamua, kwa sababu furaha nyingi huweza kukifunika kitu kidogo.

Akijibu leo usiku kwa uchangamfu, nawe jibu unapoiona, usijikalishe dakika 20 ili uonekane una shughuli. Chatini kidogo, muulize usaili ni wa kazi gani kama hakukuambia, halafu uwe wewe wa kusema usiku mwema mazungumzo yakiwa bado yana ladha. Siku ya kuonana mpangeni baada ya Jumatano.